Herufi kwa Herufi

"Fundi, shikamoo. Maneno ya kibao ni haya, yaandike kama yalivyo. Mstari wa kwanza: DUKA LA JUMLA. Wa pili: NA REJAREJA, ni R zote mbili, si L. Chini kushoto: MCHELE, UNGA, SUKARI, MAHARAGE. Kulia: VINYWAJI VYA AINA ZOTE, AINA haina H. Ubao mdogo wa dirishani: HAKUNA MKOPO, hapo H ipo. Ubavuni mwa mlango: BIDHAA ZA NYUMBANI, ni DH, halafu A mbili. Ukisita nipigie kabla hujachovya brashi."

Ujumbe huu aliuandika mwenye duka mmoja wa Ngamiani, Tanga, kwa mchora vibao aliyemzidi umri. Jibu lilikuwa fupi: "Marahaba mwanangu, nimeupata." Nimeusoma mara nyingi kuliko inavyostahili ujumbe wa simu, na kila mara nimeona kwamba umeandikwa na mtu anayeijua kazi ya mwenzake.

Mchora vibao hasomi neno wakati anaandika. Akiwa juu ya ngazi na brashi bapa mkononi, macho yake yako kwenye ukingo wa mguu mmoja wa herufi: umenyooka au umelegea, rangi imejaa au imechuruzika. Akimaliza mguu huo anahamia mwingine. REJAREJA kwake ni mistari iliyosimama, mikato ya ulalo na ndoano mbili za J. Ndiyo maana fundi mwenye mkono mzuri kabisa anaweza kuandika LEJALEJA kwa herufi zinazopendeza, akashuka, akarudi nyuma hatua kumi, akaridhika. Anachokikagua ni umbo, na umbo halina kosa.

Kosa lenyewe huwa limetoka mdomoni. Lugha nyingi za Kibantu zina moja tu kati ya R na L. Msukuma amekua na L, Mkikuyu amekua na R, na kila mmoja akitajiwa neno kwa simu huliandika kwa sikio lake. H nayo huanguka pale inapotakiwa na kuota pale isipotakiwa. Kwa hiyo mtaani utakuta AKUNA MKOPO kwenye duka hili na HAINA ZOTE kwenye duka la pili. Sauti za DH, TH na GH, ambazo nyingi zimetufikia kwa maneno ya Kiarabu, kwa wasemaji wengi huteleza kuwa Z, S na G, ndipo BIDHAA ikawa BIZAA. Wengine, kwa kuogopa kuonekana hawakusoma, huongeza ugumu usiokuwepo: maseremala wangapi wametangaza THAMANI ZA NDANI huku wakiuza makabati na vitanda, yaani samani? Baraza la Kiswahili la Taifa lipo tangu 1967, na kamusi zipo, lakini fundi aliye juu ya ngazi saa sita mchana hana wa kumuuliza ila mwenye duka.

Mwenye duka wetu amelijua hilo. Hakusema "uandike vizuri", maana kila fundi anaamini anaandika vizuri. Ametaja herufi yenye hatari katika maneno yanayoteleza na kuyaacha mengine. SUKARI na UNGA hakuyawekea onyo. MAHARAGE pia hakuligusa, ingawa msomaji wa Mombasa angetaka MAHARAGWE. Hapo mimi namwachia yeye, kwa sababu kamusi zinayajua yote mawili na wateja wake wanaagiza maharage.

Kuna jambo la pili ndani ya ujumbe, na nadhani ndilo linalomfurahisha fundi zaidi: ameyagawa maneno kwa mistari. Kibao cha juu ni ubao wa plaiwudi mzima, sentimita 244 kwa urefu. Ukiacha sentimita 12 kila upande zinabaki 220. DUKA LA JUMLA NA REJAREJA kwa mstari mmoja ni herufi 21 na nafasi nne, jumla sehemu 25, na kila sehemu inapata sentimita 8.8. Herufi za upana huo zitasomwa vizuri na aliyesimama ng'ambo ya barabara nyembamba, si na aliye ndani ya daladala. Yakikatwa mawili, DUKA LA JUMLA inakuwa sehemu 13, na kila moja inapata karibu sentimita 17. Herufi zinakaribia kuwa maradufu bila kuongeza hata kipande cha mbao. Hesabu hii ni ya kuanzia tu, kwa sababu M inadai zaidi ya fungu lake na J inaridhika na pungufu. Katika LA, mteremko wa A unaacha shimo la weupe juu ya mguu wa L, kwa hiyo fundi huisogeza A karibu kuliko rula inavyotaka. O za MKOPO huzichomoza kidogo juu na chini ya mstari, la sivyo zitaonekana ndogo kuliko jirani zake. Hapo rula hukoma na jicho huanza.

Kwa mpangilio wa namna hiyo, herufi moja iliyosahaulika haiingii tena. BIDHAA ikishaandikwa BIDAA, hakuna pa kuibana H. Ikiwa rangi bado mbichi, kitambaa chenye tina kitafuta neno. Ikishakauka itabidi kupiga msasa, kupaka weupe mara mbili ili wekundu wa herufi za zamani usijitokeze, kisha kuandika upya. Kama kibao kimekaa juani miezi kadhaa, weupe mpya hautafanana na ule wa zamani uliokwisha kuwa manjano, na kosa litabaki na kiraka chake. Rangi hii ya mafuta ni ngumu kweli; ni jamii ya ile ya baiskeli ambayo Edward Saidi Tingatinga aliitumia kwenye vipande vya hadibodi Dar es Salaam, kabla hajafa mwaka 1972. Inachoshindwa ni bati jipya, kwa sababu zinki iliyo juu yake huila kutoka chini na baada ya muda rangi hubanduka kama maganda. Fundi mzoefu huliosha bati kwa siki na kulipaka praima yake kwanza.

Mabango ya plastiki yanayochapwa kwa mashine yamechukua sehemu kubwa ya kazi hii, nayo hukosea vilevile, ila hukosea haraka zaidi.

Dawa anayo fundi mwenyewe, nayo ni penseli. Kwanza huchora mistari kwa uzi wa chaki, kisha maneno yote kwa penseli hafifu, halafu huyasoma kutoka mwisho kwenda mwanzo, A-J-E-R-A-J-E-R, ili akili isimdanganye kwa neno inalolizoea. Kisha humwita mwenye duka. Wengi huitikia "endelea tu, fundi" bila kutoka nyuma ya kaunta, wakaja kulalamika siku ya pili. Wa Ngamiani alitoka na simu yake, akalinganisha mstari kwa mstari, na kwenye AINA akanyoosha kidole kuhakikisha. Nawe ukiagiza kibao, yaandike maneno yako kwa herufi kubwa, onyesha pale fundi anapoweza kuteleza, na ukiitwa kuangalia penseli, toka nje uangalie.