Hati Iliyokosekana Si Hati ya Kughushi

Ripoti ya ukaguzi wa akaunti ya EPA katika Benki Kuu ya Tanzania ilipotangazwa Januari 2008, watu wengi walishika namba moja tu: shilingi bilioni 133 zilizolipwa kwa kampuni 22 katika mwaka wa fedha 2005/06. Kwa mkaguzi, namba hiyo ina uzito mdogo kuliko mgawanyo wake. Kampuni 13 zililipwa takriban bilioni 90.4 kwa nyaraka za kughushi. Nyingine 9 zililipwa takriban bilioni 42.6, lakini nyaraka za kuthibitisha uhalali wa malipo hayo hazikutosha. Mafungu haya mawili yanaonyesha vizuri mahali ambapo ukaguzi wa kawaida na ule wa kiuchunguzi huachana njia.

Akaunti hiyo ilishughulikia madeni ya nje ya kibiashara ya miaka mingi. Kampuni ya hapa nchini iliweza kudai malipo kwa kuonyesha hati kwamba mdai wa ng'ambo ameihamishia deni lake. Kwa hiyo kila malipo yalisimama juu ya karatasi moja: hati ya kuhamisha deni.

Wakaguzi wa nje, Deloitte & Touche, ndio waliotilia shaka baadhi ya malipo hayo walipokuwa wakikagua hesabu za mwaka. Kazi yao kisheria ilikuwa kutoa maoni kama hesabu za benki kwa ujumla zinaonyesha hali halisi. Mkaguzi wa aina hii huchukua sampuli, hupanga kiwango ambacho kosa chini yake halibadilishi maoni yake, na hutafuta uhakika wa kuridhisha, si uhakika kamili. Hati ikikosekana kwenye jalada na kiasi kikiwa kikubwa, hana haja ya kujua nani aliichukua. Kukosekana kwake kunamtosha kutoa hati yenye shaka.

Baada ya hapo Ernst & Young walipewa ukaguzi maalum chini ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, na swali likabadilika: nani alilipwa, kwa karatasi gani, na karatasi hiyo ilitoka wapi? Hapa sampuli haifai, kwa sababu mshtakiwa hujibu kwa malipo yaleyale aliyopokea. Kila muamala hufuatwa peke yake. Mdai wa ng'ambo huulizwa kama kweli alisaini. Jina la kampuni hutafutwa kwa msajili, na katika EPA zilikuwapo kampuni mbili ambazo kumbukumbu zake hazikupatikana huko. Kisha fedha hufuatwa hadi kwenye akaunti ya mwisho, na aliyezitoa hutambuliwa.

Mdai wa ng'ambo akisema, "Saini hii si yangu," shaka imegeuka kuwa ushahidi, ingawa bado haujafika mahakamani. Sheria ya Ushahidi inataka kosa la jinai lithibitishwe pasipo kuacha shaka yoyote ya maana, wakati madai ya kurudisha fedha hushinda kwa uzito wa ushahidi tu. Ripoti ya mkaguzi ni maoni ya mtaalamu, na haimtii mtu hatiani kwa kuwa imebeba muhuri wa kampuni kubwa. Mwandishi wake hupanda kizimbani na kuhojiwa na wakili wa utetezi. Mwenye saini hutakiwa kutoa ushahidi wake, kwani mkaguzi akisimulia alichoambiwa atapingwa kuwa analeta maneno ya kusikia. Nyaraka halisi hutolewa kama vielelezo, pamoja na maelezo ya nani alizishika tangu zilipochukuliwa. Kesi nyingi huvunjika hapo: mkaguzi alibeba nakala, halisi zikabaki kabatini mwa watu wanaochunguzwa.

Mwaka 2011 Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu iliwatia hatiani washtakiwa wawili katika kesi ya shilingi bilioni 1.8. Kiini chake kilikuwa hati ya kuhamisha deni iliyodaiwa kutoka kwa kampuni ya India. Ni sehemu ndogo sana ya bilioni 133, na sioni ajabu. Kila malipo yalihitaji shahidi wake na karatasi yake.

Ndiyo maana fungu la kampuni 9 lilikuwa gumu zaidi. Jalada tupu linaweza kuwa dalili ya wizi, au ya uzembe wa masijala. Mkaguzi wa hesabu anaruhusiwa kuishia kwenye shaka hiyo, hakimu haruhusiwi. Kwa fungu kama hilo, shauri la madai au hatua za kinidhamu kwa maofisa walioidhinisha malipo bila viambatisho ndiyo njia yenye nafuu.

Sheria ya Ukaguzi wa Umma ya 2008, kifungu cha 27, sasa inaweka daraja kati ya mkaguzi na vyombo vya uchunguzi pale anapobaini viashiria vya ubadhirifu. Daraja hilo halifai kitu nyaraka zikiwa zimeshapotea. Wajumbe wa bodi, mkaguzi wenu wa mwaka akiandika tu kwamba ana shaka, zifungieni nyaraka halisi siku hiyohiyo, orodhesheni kila moja na aliyeikabidhi, ndipo mtafute wa kuzichunguza.