Hesabu Irabu Kabla ya Kuandika Tangazo la Sekunde 30

Waandishi wa matangazo ya redio kwa Kiingereza hukadiria maneno 75 kwa sekunde 30, yaani 150 kwa dakika. Kipimo hicho kimehamia kwenye studio zetu bila kurekebishwa, na matokeo yake husikika hewani: msomaji anakimbia, vituo havipo, na namba ya simu inamezwa.

Kitenzi chetu hubeba mtenda, wakati na mtendwa kwa pamoja. “Watakapowapeleka” ni neno moja lenye silabi nane. Papo hapo tuna “na”, “ya” na “kwa”, ambayo hayafikii hata nusu sekunde. Ndiyo maana skripti mbili za maneno 50 zinaweza kupishana kwa sekunde kadhaa. Kinacholingana na muda ni silabi, na bahati yetu ni kwamba silabi za Kiswahili ni rahisi kuhesabu kwa sababu karibu kila irabu huunda silabi yake. Hata “saa” ni silabi mbili.

Tuchukue tangazo la chanjo linaloanza hivi: “Wazazi na walezi wote mnakumbushwa kuwapeleka watoto wenu kliniki wakapate chanjo ya surua.” Hapo kuna maneno 13 na irabu 36, wastani wa 2.8 kwa neno. Sikio litasikia silabi 37, maana “m” ya mwanzo wa “mnakumbushwa” husimama peke yake. Tutaona kwa nini hiyo moja haituharibii hesabu.

Kwanza pima kasi ya msomaji atakayeingia studio. Mpe ukurasa wa matangazo ya aina hiyohiyo, asome kwa sauti huku saa ikienda, pamoja na vituo vyake vyote. Kisha hesabu irabu za ukurasa huo. Kwenye kompyuta ya Linux au Mac, amri hii inatosha:

```
grep -o '[aeiouAEIOU]' tangazo.txt | wc -l
```

Tuseme ukurasa una irabu 305 na umesomwa kwa sekunde 61. Kasi yake ni irabu tano kwa sekunde. Zile “m” zilizoachwa na amri hii ziliachwa pia wakati wa kupima kasi, kwa hiyo upungufu unajifuta wenyewe, mradi kasi na skripti zimehesabiwa kwa njia moja.

Sasa toa sekunde tatu za muziki wa kufungulia na kufungia. Zinabaki 27, na mara tano ni irabu 135. Ukigawa kwa 2.8 unapata maneno 48. Maneno 75 ya Kiswahili yangehitaji irabu 210, sawa na sekunde 42.

Usimkabidhi mwandishi hayo 48 bado. Ondoa kwanza yale ambayo hana hiari nayo, na hapa ndipo skripti nyingi huharibikia, kwa sababu tarakimu ni fupi kwenye karatasi na ndefu mdomoni. “Tarehe 13 hadi 17 Oktoba” huonekana maneno matano, lakini ikitamkwa ina irabu 18. “Saa 2:30 asubuhi”, yaani saa mbili na nusu asubuhi, ina 11. Namba ya simu ya tarakimu kumi, ikitajwa moja moja, huchukua silabi 21 hivi, na kwa kuwa lazima irudiwe, 42. Amri ya hapo juu haioni tarakimu hata kidogo, hivyo ziandike kwa maneno kabla ya kuiendesha.

Jumla ya hayo matatu ni 71, zaidi ya nusu ya nafasi yote. Zinabaki 64, sentensi ya ufunguzi inakula 36, na mwandishi anabakiwa na 28, yaani maneno kumi. Ndani ya maneno hayo kumi aeleze chanjo ni bure, umri wa watoto na mahali pa kwenda. Haiwezekani.

Dawa haipo katika kumharakisha msomaji. Badilisha kile kinachokula nafasi. Namba ya bure ya Wizara ya Afya ya Tanzania, 199, ikisomwa “moja tisa tisa” mara mbili ni irabu 12 tu. Umerudishiwa irabu 30, yaani sekunde sita kamili, na sasa mwandishi ana takriban maneno 20 ya kueleza jambo lenyewe.

Hesabu hii inamfaa msomaji mmoja anayesoma mfululizo. Tangazo la mazungumzo, mama akiuliza na muuguzi akijibu, lina vimya vya kupokezana ambavyo irabu haziwezi kuvionyesha. Hilo lisomwe na watu wawili, kasi yao ipimwe wakiwa pamoja.