Hundi ya Shilingi 259,000 na Vocha Namba 57

Kujazia sanduku la fedha ndogondogo kwa hundi ya shilingi 259,000, ilhali vocha zilizowasilishwa zilijumlisha shilingi 247,500 tu, ni kosa la wazi la kitaaluma, na mhasibu wa idara inayohusika, ambaye karatasi zake zimekwisha kupitiwa na wenzake wengi, hawezi kutetewa kwa hoja kwamba tofauti yenyewe ilikuwa ndogo.

Masurufu ya kudumu, yaani kiasi maalumu ambacho keshia hukabidhiwa kwa ajili ya malipo madogo yasiyostahili kuandikiwa hundi, husimama juu ya kanuni moja: wakati wowote sanduku linapofunguliwa, fedha taslimu zilizomo zikijumlishwa na vocha ambazo hazijarejeshewa fedha lazima zilingane na kiwango kilichoidhinishwa. Kiwango cha idara hiyo kilikuwa shilingi 300,000. Vocha za nauli zilikuwa za shilingi 112,000, za chai 78,500 na za shajala 57,000, na sandukuni zilihesabiwa shilingi 41,000. Jumla ya yote ni shilingi 288,500, kwa hiyo zilipungua shilingi 11,500.

Hapo ndipo mhasibu alipopotoka. Badala ya kujumlisha vocha, alitoa 41,000 kwenye 300,000, akaandika hundi ya kiasi kilichobaki, kisha, kwa kuwa kila shilingi ya hundi hudai kifungu cha matumizi, akapandisha chai kutoka 78,500 hadi 90,000 katika muhtasari wa maombi. Upungufu, ambao ni swali linalomkabili keshia, ukageuzwa kuwa matumizi, ambayo ni jibu lililokwisha kufungwa. Sanduku likarudi kwenye 300,000 kamili, na mkaguzi ambaye angefika kesho yake kuhesabu kwa kushtukiza asingekuta dosari yoyote, kwa sababu hesabu ya sanduku huonyesha hali ya siku ile tu na haisemi lolote juu ya namna hali hiyo ilivyopatikana. Njia pekee ya kuligundua jambo hili ni kuzichukua vocha za chai zenyewe, moja baada ya moja, kuzijumlisha upya na kuulinganisha mjumuo wake na muhtasari, kazi ambayo wakaguzi wengi huiruka wakiona saini mbili chini ya ukurasa.

Chai haikuchaguliwa kwa bahati. Ni kifungu ambacho maziwa, sukari na vitafunio hununuliwa kila siku kwa bei zinazopanda na kushuka, na hakuna anayeshangaa kikiongezeka; shajala, ambayo huja na risiti ya duka yenye idadi ya rimu na kalamu, isingevumilia nyongeza hiyo.

Keshia, kwa upande wake, alipiga muhuri wa IMELIPWA juu ya kila vocha na hivyo akazuia isitumike mara ya pili. Hata hivyo, vocha zilizoambatishwa zilianza namba 41 hadi 66, na namba 57 haimo. Kitabu cha vocha huacha nakala ya kaboni, na kukifungua kungeonyesha mara moja kama 57 ilikuwa malipo halali ya shilingi 11,500 yaliyopotea karatasi, au vocha iliyoharibika na kufutwa, au jambo zito zaidi. Mhasibu alikuwa na dalili mkononi, akaipita.

Imekwisha kuelezwa mara nyingi, na haina budi kuelezwa tena, kwamba nauli ya bodaboda au daladala, ambayo haina risiti, huhitaji vocha inayotaja mahali pa kuanzia, mahali pa kufikia, shughuli na saini ya aliyesafiri; vocha za idara hii zimeandika “nauli mjini” tu. Makeshia wa zama za daftari la safu, ambamo kila malipo yaliandikwa mara mbili, katika safu ya jumla na katika safu ya kifungu chake, walifunga ukurasa kwa kuhakikisha kwamba safu za vifungu zinajumlisha sawasawa na safu ya jumla. Katika utaratibu huo chai isingeweza kukua bila mstari wake wa vocha.

Utaratibu sahihi ulikuwa kuandika hundi ya shilingi 247,500, kuliacha sanduku kwenye 288,500 na kumtaka keshia atoe maelezo kwa maandishi. Wapo wanaoruhusu kujazia hadi kiwango kamili, na njia yao inakubalika, mradi 11,500 ziingizwe katika akaunti ya upungufu na ziada ya fedha taslimu, ambako zitaonekana kwa jina lake. Kwa kuwa hundi imekwisha kulipwa, lililobaki ni kuipunguza chai kwa shilingi 11,500 kwa ingizo la marekebisho, kuzihamishia katika akaunti hiyo, na kukifungua kitabu cha vocha kwenye nakala ya namba 57.