Katibu Anayesoma Grupu kwa Haki

Ndugu aliyekuwa safarini anarudi, anakuta grupu la kamati ya harusi limewaka moto. Anafungua vile vitone vitatu, anachagua `Export chat`, kisha `Without media`, na faili la maandishi linamfikia katibu likiwa na swali moja: "Dada, hebu nisomee, kuna nini humu?" Namstahi sana katibu anayeweza kulijibu swali hilo bila kumuonea mtu.

Msomaji wa haraka hudhani faili ndilo grupu lenyewe. Katibu mzuri anajua yaliyobaki njiani. Picha, stika na ujumbe wa sauti, vyote vimegeuka maneno mawili, `Media omitted`, na kwetu sisi sauti ndiyo hubeba nusu ya ugomvi. Vidole gumba na vicheko vilivyobandikwa juu ya ujumbe havimo. Lililo gumu zaidi ni kwamba mtu akijibu kwa kuunukuu ujumbe fulani, faili linaleta jibu lake tu, bila ule aliounukuu. Hata majina ni yale yaliyohifadhiwa kwenye simu ya aliyelitoa faili: "Mama Mdogo" wake kwa wengine ni dada au wifi.

Tutazame mfano niliouunda kwa sura ya magrupu haya:

```
14/06/2024, 20:29 - Mama Mdogo: Nimetuma laki, angalia
14/06/2024, 20:47 - Mweka Hazina: Nani bado hajatimiza ahadi?
14/06/2024, 20:48 - Shemeji: <Media omitted>
14/06/2024, 20:52 - Mama Mdogo: Haya ni matusi sasa
14/06/2024, 20:52 - Mweka Hazina: Ahsante mama
```

Ukisoma kwa pupa, utaandika kwamba Mama Mdogo alimshutumu mweka hazina kwa kumtukana, naye akamjibu kwa kejeli. Huo ungekuwa uongo uliosukwa kwa maneno ya kweli. Katibu anapanda juu mistari michache, anaikuta ile laki ya saa 2:29 usiku, na kuanzia hapo "Ahsante mama" inasomeka pia kama shukrani ya mchango, iliyochelewa labda kwa sababu mweka hazina alikuwa bado anaandika majina. Na "matusi" yanaweza kukilenga kile alichotuma shemeji, ambacho hakuna anayekiona kwenye faili. Kwa hiyo anaandika hivi: "Usiku wa Ijumaa saa 2:52 Mama Mdogo alilalamika kwamba kuna matusi. Kabla yake shemeji alituma picha, stika au sauti isiyoonekana hapa, na mweka hazina alikuwa ameuliza kuhusu ahadi. Haijulikani alimlenga nani. Aulizwe mwenyewe." Sentensi hizo chache ni kazi ya mtu mwenye akili na utu.

Ugomvi ukiwa wa wazi, tuseme ukumbi wa Sinza dhidi ya ukumbi wa Mbezi, kuna mtego mwingine. Mmoja ameandika jumbe arobaini, mwenzake mbili tu, na wa arobaini anaonekana kubeba grupu zima. Katibu hahesabu jumbe, anatafuta sababu. Jumbe zote arobaini zinasema Mbezi ni mbali kwa wazee; zile mbili zinasema malipo ya awali ya Mbezi yameshatolewa na hayarudishwi. Kila hoja inapata sentensi yake, kwa urefu unaokaribiana, na wote wawili "wanasema". Asiandike kwamba mmoja "anaeleza" na mwingine "anadai". Waliokaa kimya hawahesabiwi upande wowote, maana huenda waliweka dole gumba ambalo faili limeliacha.

Utani ndio unaohitaji subira kubwa. Kila anapotajwa mjomba, mtu anaandika "aje na ile Noah" na watu wanacheka. Katibu anatafuta neno "Noah" tangu mwanzo wa faili. Akikuta siku gari lilipozimika njiani likiwa na keki ya send-off, anaeleza kwa mstari mmoja. Asipokuta, anaandika kwamba ni utani wa siku nyingi ambao asili yake haimo humu, na kwamba mjomba mwenyewe hajawahi kuujibu. Hilo la mwisho ni muhimu, kwa sababu anayechekwa asiyecheka huenda anaumia. Lakini katibu hasemi kwamba anaumia. Anaonyesha kimya chake, basi.

Ukipewa kazi hii, kabla hujampelekea muhtasari aliyeuomba, wasomee wale wawili waliogombana, kila mmoja sehemu inayomhusu. Kama mmoja wao atasema "mimi sikusema hivyo", rudi kwenye faili.