Wakala anaposema ‘hati ipo’, anamaanisha hati ipi?

Majuzi, shemeji yangu alinitumia kwenye WhatsApp ukurasa mmoja ulioandaliwa na wakala anayeuza ploti 24 za futi 50 kwa 100 viungani mwa Kitengela. Ukurasa huo ulikuwa na anwani ‘Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara’. “Mwalimu, hebu soma hii kitu uniambie kama ni ya ukweli,” akaandika. “Nataka kutuma amana Ijumaa.”

Nikiri kwamba baadhi ya majibu yaliniridhisha. Kwa mfano, swali kuhusu kuitembelea ploti limejibiwa hivi: ‘Ndiyo. Gari letu huondoka kila Jumamosi saa tatu asubuhi, bila malipo.’ Msomaji anajua gari ni la nani, siku ni ipi na saa ni ngapi. Huo ndio ufupi unaofaa.

Utata umo katika swali la nne: ‘Ploti iko na hati?’ Jibu: ‘Ndiyo, hati ipo. Hati hutolewa baada ya siku 90.’

Huenda baadhi ya wasomaji wakakimbilia kusahihisha ‘iko na’, ambayo ni ya mazungumzo, iwe ‘ina’. Hilo ni kosa dogo. Kosa kubwa linajificha ndani ya maneno yasiyo na dosari ya kisarufi.

Nomino ‘hati’ imo katika ngeli ya I-ZI, kwa hivyo umbo lake halibadiliki katika umoja na wingi. Kinachotufichulia idadi ni upatanisho. Wakala ameandika ‘ipo’, wala si ‘zipo’. Ploti ni 24, hati ni moja! Hiyo ni hati ya shamba zima, ambayo watu huiita hati mama. Mnunuzi aliye na hamu husoma ‘hati ipo’ akadhani ni ya ploti yake. Ili ploti hiyo iwe na hati, sharti mpima ardhi agawanye shamba, ugawaji uidhinishwe, kila kipande kipewe nambari yake, kisha hati mama ifungwe na hati mpya zitolewe. Kabla ya hapo, mnunuzi hawezi kuipekua ploti yake katika sajili ya ardhi kwa sababu haina nambari. Anachoweza kupekua ni shamba zima, ajue limesajiliwa kwa jina la nani na iwapo limewekwa rehani au zuio.

Kisha kuna ‘hutolewa’. Kiambishi hu- huonyesha mazoea na hakiandamani na kiambishi cha ngeli. Kwa hivyo, idadi tuliyoiona katika ‘ipo’ sasa imefichwa. Isitoshe, kitenzi kiko katika kauli ya kutendwa bila mtenda kutajwa. Hutolewa na nani? Mambo yakikwama, kila mtu atamnyoshea mwenzake kidole. Mazoea nayo si ahadi. ‘Hutolewa’ hueleza yanayotokea kwa kawaida. ‘Tutakupa’ humfunga msemaji.

Hali kadhalika, ‘baada ya siku 90’ si sawa na ‘ndani ya siku 90’. Siku ya 91 ni baada ya 90, na mwaka wa tatu pia ni baada ya 90. Tena, hesabu inaanza lini: siku ya kutia saini au ya kumaliza malipo?

Jibu la saba linasema: ‘Amana ni Sh100,000 na hairudishwi.’ Kauli hii inajipinga. Amana ni kitu anachokabidhiwa mtu kwa uaminifu akitunze hadi mwenyewe atakapokihitaji. Fedha zinazotolewa kufunga maafikiano ya mauzo zina jina lake katika Kiswahili: arbuni. Neno ‘amana’ humtuliza mnunuzi, ilhali ‘hairudishwi’ linakuja likiwa limechelewa.

Nilimshauri shemeji amtumie wakala sentensi moja aijaze mapengo: ‘Mimi, fulani, nitakukabidhi hati ya ploti nambari fulani, kwa jina lako, ndani ya siku 90 tangu umalize malipo, nikishindwa, nitakurudishia fedha zote.’ Nikamwambia pia kwamba hata ikijazwa, mahali pake ni katika mkataba wa maandishi uliotiwa saini na kushuhudiwa, kwa kuwa hivyo ndivyo sheria ya Kenya inavyotaka kuhusu mauzo ya ardhi.

Wakala hakuijaza. Alijibu kwa sauti: “Boss, hati mama ndiyo iko, kugawanya bado. Lakini usijali, hutoka tu.”

Hutoka tu! Hu- ileile. Ijumaa ilipofika, shemeji hakutuma pesa.