Kosa Lilianzia Kwenye Kilo ya Sukari

Kila mtu atokaye Mwazye kwenda Sumbawanga, akashuka garini na kupita mbele ya lile duka dogo la mtaani ambalo jina la mwenyewe nalisitiri, amekwisha liona tangazo lililobandikwa mlangoni siku chache tu baada ya duka kubwa la kujihudumia kufunguliwa ng'ambo ya barabara: sukari kilo 2,800, na kuanzia leo hakuna mkopo. Wapo waliolisifu tangazo hilo, wakasema kwamba huyu bwana ni shujaa, kwa kuwa amemkabili mkubwa uso kwa uso. Mimi sikubaliani nao hata kidogo, na nasema mapema, ili msomaji asipoteze wakati wake akingojea hukumu, kwamba duka hilo likifa halitakuwa limeuawa na jirani yake bali na karatasi ile.

Tuanze na sukari, maana ndiyo bidhaa ambayo kila mama wa nyumba anaijua bei yake kwa moyo. Duka kubwa halikuishusha bei ya sukari kwa kuwa linataka kuuza sukari. Limeishusha ili mtu aingie ndani, na akiisha kuingia apite kwenye rafu za sabuni za kuogea, mafuta ya kupaka, biskuti na vyombo vya plastiki, ambako faida yake imejificha. Anayepoteza shilingi mia kwenye kilo ya sukari huzirudisha mara mbili kabla mteja hajafika kwenye mlango wa kutokea. Bwana wetu hana rafu kama hizo za kutosha. Kwake sukari, mafuta ya kupima, unga na chumvi ndilo duka lenyewe, na anayeshusha bei ya kitu kinachomlisha ili ashindane na mtu ambaye kitu hicho kwake ni chambo tu, huyo hashindani, bali anatoa sadaka.

Nitaipiga hesabu kwa mfano, nami najua kuwa bei hupanda na kushuka, lakini mwendo wa hesabu ni ule ule. Tuseme mfuko wa kilo 50 ameupata kwa mwenye duka la jumla kwa 140,000, yaani 2,800 kila kilo, na mkokoteni umemgharimu 2,000. Kabla ya tangazo alikuwa akiuza kilo nzima kwa 3,000 na robo kwa 800. Basi ikiwa kilo 10 za mfuko zimetoka nzima nzima, na kilo 40 zimetoka kwa robo, ameingiza 158,000. Tumtolee nauli ya mkokoteni, na kilo moja inayopotea katika kupima, maana kila kijiko kina punje zake zinazomwagika na kila mizani ina huruma yake. Imembakia faida ya 12,800. Hiyo si tijara ya kujivunia, bali ni faida ya halali, yenye kumnunulia mkate na kumwezesha kurudi kwa mwenye jumla akiwa na mtaji wake kamili.

Sasa likaja tangazo. Kilo ikawa 2,800, naye alidhani kwamba amegusa kilo tu, na robo itabaki pale pale ilipokuwa. Hapa ndipo penye kiini cha kosa, nami naomba wenye maduka wa Mwazye na Matai wapasome mara mbili. Mteja wa robo hajui bei ya mfuko, wala hajui bei ya jumla, lakini kugawa kwa nne anajua. Aliposoma mlangoni kwamba kilo ni 2,800, aliingia akaweka 700 juu ya meza na kuomba robo yake; na alipoambiwa kwamba robo ni 800 akauliza, kwa insafu kabisa, hiyo mia ya ziada ni ya nini. Hakuna jibu la swali hilo ambalo halimfedheheshi muuzaji. Robo ikashuka mpaka 700, na nusu ikaifuata. Mfuko mzima sasa huingiza 140,000, yaani sawasawa na ulivyonunuliwa, na ukitoa mkokoteni na ile kilo iliyomwagika, kila mfuko unamtia hasara ya 4,800. Watu wakajaa dukani, akauza mifuko miwili kwa juma badala ya mmoja, wapita njia wakamsifu kwa biashara kuchangamka. Na kumbe hasara yake imekuwa 9,600.

Aghalabu maradhi haya hayaonekani kwenye meza ya fedha, kwa sababu fedha ya mauzo inaongezeka. Huonekana kwenye rafu. Duka ambalo mauzo yake yanapanda huku rafu zikizidi kuwa na nafasi tupu, linakula mtaji. Na siku mwenyewe anapokwenda kwa mwenye jumla kuomba nusu mfuko, ilhali zamani alichukua mzima na katoni ya sabuni juu yake, basi jambo limekwisha, hata kama mlangoni pamejaa watu.

Aidha, yafaa aulizwe: sukari ya jirani yake imeuzwa kwa fedha ya nani? Duka dogo hulipa taslimu kabla ya kupakia mfuko. Duka kubwa huchukua bidhaa leo, likauza, na likamlipa aliyeleta baada ya miezi miwili au mitatu, na wakati mwingine lisimlipe. Nakumatt ya Kenya, iliyofungua milango yake Moshi mwaka 2011 na mwaka 2014 ikanunua maduka ya Shoprite hapa nchini, ilipoelemewa mwaka 2017 ilionekana wazi kwamba ilikuwa ikidaiwa mabilioni ya shilingi na watu waliokuwa wakiipelekea bidhaa. Na Uchumi, nayo ya Kenya, ilikwisha funga maduka yake makubwa ya Tanzania mwaka 2015. Wala nisieleweke kwamba maduka madogo ndiyo yaliyowaangusha hao. Waliangushwa na madeni yao wenyewe. Muradi wangu ni kwamba mwenye kulipa taslimu asishindane kwa bei na mwenye kuuza mali ambayo bado hajailipia.

Nusu ya pili ya tangazo ni mbaya kuliko ya kwanza. Kufunga daftari! Sisi watu wa Ufipa fedha yetu huja pamoja na mavuno ya mahindi, maharage na ulezi, na miezi inayobaki tunaishi kwa subira na kwa daftari la jirani. Mkulima wetu hulaza majani na kuyafunika kwa udongo katika tuta la ntumba, na mgeni apitaye hudhani kuwa ameyatupa, kumbe ndiyo chakula cha mazao ya msimu ujao. Na deni la dukani ni vivyo hivyo, maana mwenye deni amefungwa kurudi. Duka kubwa haliwezi kumkopesha mtu robo ya sukari na kipande cha sabuni mpaka Jumamosi, kwa sababu keshia wake hamjui mtu huyo wala mama yake. Hiyo ndiyo silaha ambayo mkubwa hana na hawezi kuinunua, na bwana wetu ameitupa siku ile ile ya vita.

Na tazama matokeo yake. Tuseme daftarini mna kaya thelathini, kila moja inadaiwa 20,000; ni 600,000 zilizoko mikononi mwa watu. Mtu anayedaiwa na bado anakopeshwa hupunguza deni lake kidogo kidogo, kwa sababu anahitaji kukopa tena kesho. Mtu huyo huyo akiambiwa kwamba mkopo umekwisha, hana tena sababu ya kulipa haraka, ila anayo sababu kubwa ya kukwepa kuonekana. Anavuka barabara. Shilingi 1,000 anayoipata anaitumia kwenye duka ambalo halimdai, na bwana wetu anampoteza mteja pamoja na deni. Daftari halifungwi kwa tangazo. Huwekewa kikomo, kaya moja moja, kwa faragha na kwa adabu: huyu asizidi 10,000, yule asizidi 25,000 kwa kuwa ana mshahara wa mwisho wa mwezi, na fulani asikopeshwe tena mpaka alipe nusu.

Haki nayo isemwe: kufungua alfajiri kabla ya jirani yake kuamka, na kuendelea kuuza mpaka saa nne za usiku, alifanya vema.

Lakini katika bei na mkopo, wazee wetu wa biashara hawakuwa kama yeye. Allidina Visram, aliyefika pwani akiwa kijana, akajifunza kazi Bagamoyo chini ya Sewa Haji Paroo, na kisha akatandaza maduka yake kandokando ya reli ya Uganda mpaka alipofariki mwaka 1916, alikuwa mkubwa kuliko wakubwa wetu wa leo. Walakini maduka yake hayakuwauzia watu tu, yalinunua pia ufuta, karanga na ngozi zao, na kwa hiyo mtu aliyeleta zao lake aliondoka na kitambaa. Alijua kwamba mnunuzi asiye na fedha ana kitu kingine. Leo hii tunafundishwa kwamba ushindani ni bei, na bei peke yake, na walimu wa somo hilo wananikumbusha wale wa mwaka 1976, wakati wa Operesheni Maduka, walioamuru maduka ya watu binafsi vijijini yafungwe kabla maduka ya ujamaa hayajawa na hata chumvi, mpaka ikabidi amri yenyewe isimamishwe. Wakati ule daftari la mkopo lilifungwa kwa amri ya serikali. Sasa mwenye duka anajifungia mwenyewe.

Afanye nini basi? Aiache kilo. Mwenye 2,800 kamili mkononi aende ng'ambo kwa amani, maana huyo hakuwa akimlisha. Na mwenye mshahara anayenunua vitu vya mwezi mzima naye aende. Aibandue karatasi, aache kabisa kutangaza bei ya kilo, na auze robo, nusu robo na vijiko kwa bei ya zamani, juu ya mizani iliyopigwa mhuri wa Wakala wa Vipimo, kwa sababu siku robo yake itakapogunduliwa kuwa pungufu hana tena cha kumtofautisha na mwizi. Biskuti za maboksi na sabuni za unga za pakiti kubwa aziuze zilizobaki na asizirudishe, fedha yake aitie katika mafuta ya kupima, chumvi, viberiti na mkate wa asubuhi. Ashirikiane na wenye maduka wawili au watatu wa mtaa ule wanunue sukari kwa pamoja, ili mkokoteni wa mmoja uwe gari la wote. Kisha achukue daftari, apite nyumba kwa nyumba jioni, aseme kwamba mkopo umerudi kwa yule atakayepunguza deni kwanza.

Wala simwahidi kwamba atapona. Pale ambapo wateja wote wanalipwa mshahara na duka kubwa li hatua chache tu, robo na daftari havitoshi, na busara ni kuhamia mtaa wa ndani zaidi wakati mtaji ungalipo. Lakini mtaa ule haujawa hivyo. Umejaa vibarua na wakulima. Akiendelea na 2,800 yake mpaka mavuno, atakuwa na wateja wengi kuliko alivyopata kuwa nao maishani, na hatakuwa na sukari ya kuwauzia.