Njia Mbili za Kupasha Heli, Hesabu Mbili za Joto

Chukua moli moja ya heli, yaani gramu 4 hivi, iliyofungwa ndani ya silinda yenye pistoni. Halijoto yake ni kelvini 300, kanieneo yake kilopaskali 100, na ujazo wake lita 24.9. Tunataka kuifikisha kelvini 600, na mwishoni kanieneo iwe ile ile ya kilopaskali 100. Ujazo utakuwa umeongezeka maradufu, lita 49.9. Mwanzo tunaujua na mwisho tunaujua. Hata hivyo, hatuwezi bado kusema ni joto kiasi gani litahitajika.

Tuanze na njia ya kwanza. Pistoni inaachwa huru na mzigo ulio juu yake haubadilishwi, kisha gesi inapashwa polepole. Kadiri inavyopata moto inatanuka na kuiinua pistoni, kwa hiyo kanieneo inabaki pale pale. Kazi iliyofanywa na gesi ni kanieneo mara ongezeko la ujazo: juli 2,494. Pamoja na hayo, nishati ya ndani ya heli huongezeka kwa juli 12.472 kwa kila kelvini moja inayopanda. Kwa kelvini 300 ni juli 3,742. Joto linaloingia lazima lilipie vyote viwili, nalo linafika juli 6,236.

Katika njia ya pili tunaibana pistoni isisogee. Tunapasha gesi hadi kelvini 600, na kanieneo inapanda hadi kilopaskali 200. Kwa kuwa hakuna kilichosukumwa, kazi ni sifuri, na juli 3,742 zote zilizoingia zimekuwa nishati ya ndani. Sasa tunaiachia pistoni na kuupunguza mzigo kidogo kidogo, huku silinda ikigusana na chanzo cha joto cha kelvini 600. Gesi inatanuka hadi kanieneo irudi kilopaskali 100. Ingepoa kwa kusukuma, lakini joto linaingia papo hapo kufidia. Kazi ya hatua hii hupatikana kwa `W = nRT ln(V2/V1)`, nayo ni juli 3,458. Joto lililoingia ni hilo hilo. Jumla ya joto ni juli 7,200.

Gesi imefika mahali pale pale kwa njia zote mbili, na nishati yake ya ndani imeongezeka kwa juli 3,742 katika zote mbili. Hicho ni kipimo cha hali: ukishajua gesi iko wapi, huhitaji kujua ilipitia wapi. Joto na kazi ni vipimo vya njia, na tofauti hapa ni juli 964 kwa kila kimoja. Chanzo chake ni kazi. Katika njia ya kwanza gesi ilitanuka ikisukuma kwa kilopaskali 100 muda wote. Katika ya pili ilianza kusukuma kwa 200 na kushuka taratibu hadi 100. Ujazo ulioongezeka ni ule ule, ila msukumo ulikuwa mkubwa zaidi, na joto la ziada ndilo lililoulipia.

Kuna jaribio rahisi la kutofautisha makundi haya mawili. Nenda kwa njia ya pili, kisha urudi mwanzo kwa njia ya kwanza. Badiliko la kipimo cha hali huwa sifuri mzunguko unapokamilika. Kazi haiwi sifuri: juli 964 zinabaki mkononi, na hiyo ndiyo kazi ambayo injini ya joto huivuna katika kila mzunguko. Ndiyo maana ni kosa kusema gesi "ina" juli kadhaa za joto. Kama joto lingekuwa mali iliyohifadhiwa ndani yake, mzunguko usingeacha kitu.

Rudolf Clausius aliona kwamba joto hili hili, kila kipande chake kikigawanywa kwa halijoto ya wakati kinapoingia, huzaa kipimo cha hali. Mwaka 1865 alikipa jina la entropia. Katika njia ya kwanza jumla ya vipande hivyo ni juli 14.41 kwa kelvini. Katika ya pili, hatua ya kupasha inatoa 8.64 na ya kutanuka 5.76, jumla, kabla ya kukadiria desimali, ni ile ile 14.41.

Sharti ni kwamba mwendo uwe wa polepole. Tuseme baada ya kuipasha gesi kwenye ujazo ule ule, badala ya kupunguza mzigo tunafungua vali ili gesi iingie kwa ghafla katika chombo kitupu cha lita 24.9. Heli itatulia tena kwenye kelvini 600 na kilopaskali 100 bila kufanya kazi wala kupokea joto zaidi. Jumla ya vipande vya joto itaishia 8.64, ilhali entropia imepanda kwa 14.41 kama kawaida. Kwa hiyo, tukio likiwa la ghafla, badiliko la entropia hukokotolewa kwa kubuni njia ya polepole inayounganisha mwanzo na mwisho wake.